Arubuni ya Gari na Maneno Yanayoilinda



Miongoni mwa malalamiko yanayofika katika madawati yetu, yapo ya watu waliotoa arubuni ili wawekewe gari, kisha wakakosa gari na fedha. Mara nyingi tatizo huanza siku ile ile fedha zinapotolewa, katika karatasi ambayo mnunuzi aliikunja na kuitia mfukoni bila kuisoma.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa mahindi aliyependa gari aina ya Toyota Premio katika bondi moja. Bei ilikuwa shilingi 28,000,000. Alitoa arubuni ya shilingi 3,000,000, akapewa stakabadhi iliyosomeka: “Imepokelewa shilingi 3,000,000, malipo ya Toyota Premio.” Aliporudi baada ya siku 12 na salio lake, gari lilikuwa limekwisha kuuzwa. Muuzaji alimwonyesha Premio nyingine, ya bei ya shilingi 31,000,000, akasema kuwa stakabadhi inataja Premio na Premio ndiyo hiyo. Alipodai fedha zake, aliambiwa kuwa arubuni hairudishwi.

Stakabadhi ile ilikosa mambo matatu. La kwanza ni namba ya chesisi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani huwa na namba inayoanza na herufi na tarakimu za modeli, kwa mfano NZT260, kisha kistari, kisha tarakimu za gari lenyewe. Premio nyingi hushiriki mwanzo huo. Ni tarakimu za baada ya kistari zinazotenganisha gari moja na jingine. Basi fungua boneti, isome namba hiyo kwa macho yako, uinakili yote katika stakabadhi. Usiridhike na namba unayosomewa.

La pili ni muda na bei. Iandikwe kuwa gari limewekwa hadi tarehe fulani, kwa bei kamili fulani, na kwamba arubuni ni sehemu ya bei hiyo. Bila tarehe, muuzaji atadai kuwa ulichelewa, nawe utadai kuwa alikuharakisha.

La tatu, ambalo watu huona haya kuliuliza, ni hatima ya fedha. Tunashauri iandikwe hivi: muuzaji akiuza gari kwa mwingine kabla ya tarehe, au ikionekana kuwa nyaraka zina kasoro, arubuni yote hurudishwa, mnunuzi akibadili nia pasipo sababu, muuzaji hubaki na kiasi kilichotajwa. Muuzaji naye ana haki yake, kwa kuwa amewafukuza wateja wengine kwa ajili yako. Kwa sababu hiyo, toa arubuni ndogo, ile ambayo ukiipoteza hutaumia sana.

Sheria ya Mikataba ya Uganda ya mwaka 2010 inataka mkataba wa jambo lenye thamani inayozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi. Gari linapita kiwango hicho kwa mbali.

Kwa mtu binafsi, hatari ni nyingine. Huyu hana ofisi ya kurudiwa, na pengine makazi yake yako ng'ambo ya mpaka. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, linganisha jina lililo katika logibuku na kitambulisho chake, kisha linganisha chesisi na logibuku. Akisema gari ni la kaka yake, mlipe kaka huyo. Tuma fedha kwa benki au kwa simu, ili jina la mpokeaji lionekane. Likija jina jingine, simama hapo hapo. Dalali anayekuambia kuwa watu watatu wanaligombea gari anakuharakisha ili usisome.

Baadhi yenu hukasirika tunapowaambia kuwa shauri lao si la jinai. Mfanyabiashara wetu alilipa kwa gari lililokuwapo na muuzaji halali. Kuvunja ahadi baadaye ni deni, na polisi si wakusanyaji wa madeni. Lakini muuzaji akichukua arubuni kwa gari lisilo lake, au akichukua kwa watu watatu kwa gari hilo hilo akijua atamuuzia mmoja tu, huo ni udanganyifu uliokuwapo tangu mwanzo. Hapo njoo kituoni mapema, kwenye eneo fedha zilipotolewa, ukiwa na stakabadhi, ujumbe wa simu na picha ya gari.

Kwa deni lisilozidi shilingi 10,000,000, Uganda ina utaratibu wa madai madogo mahakamani, ambapo mdai husimama mwenyewe bila wakili. Anza kwa barua ya madai kwa muuzaji, ukibaki na nakala iliyosainiwa kuwa imepokelewa. Shilingi 3,000,000 za mfanyabiashara wetu zinaingia katika utaratibu huo, ingawa kwa stakabadhi ile atahitaji shahidi aliyekuwapo siku alipochagua gari.