Dondoo muhimu: Kumkaribisha mgeni mwenye doa

Mshereheshaji akiruka jambo ambalo ukumbi mzima unalijua, minong'ono huanza kabla mgeni hajashika kipaza sauti. Akilirefusha, hotuba imeshageuka kesi.

Dawa ni sentensi moja, katikati ya utambulisho. Chukua mfano wa Ali Hassan Mwinyi: "Mwaka 1977 alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani baada ya watuhumiwa kufa mikononi mwa polisi mkoani Shinyanga, baadaye akawa balozi nchini Misri, na mwaka 1985 akachaguliwa kuwa Rais." Mwaka upo, tukio lipo, na alichofanya mhusika kipo. Hakuna "kwa bahati mbaya" wala "kashfa", maana maneno hayo humhukumu au kumtetea mtu. Waliokufa nao hawafichwi nyuma ya neno "changamoto".

Mgeni asomewe sentensi hiyo siku chache kabla. Tarehe ikiwa na kosa, atairekebisha; akitaka kulieleza jambo hilo mwenyewe, aachiwe. Kama shauri bado liko mahakamani, itajwe tu kwamba lipo.

Maneno ya mwisho kabla ya makofi yawe mada ya siku hiyo na jina la mgeni.