Baada ya Siku Mia Itakuwa Siku Gani?

Mtu akiulizwa, "Leo ni Jumatatu, je, baada ya siku mia itakuwa siku gani?" huenda akaanza kuhesabu kwa vidole: Jumanne, Jumatano, Alhamisi, na kuendelea vivyo hivyo. Kabla hajafika nusu ya hesabu yake atakuwa amekwisha kuchanganyikiwa, wala hatajua kama amefika arobaini na moja au arobaini na mbili. Lakini iko njia fupi, nayo ni kugawanya kwa saba na kutazama kinachobaki.

Siku za juma ni saba, nazo huzunguka kama ngamia azungushaye kinu cha mafuta. Ngamia akizunguka mara moja hurudi pale pale alipoanzia; akizunguka mara kumi na nne, hurudi pale pale pia. Ndivyo zilivyo siku za juma. Siku saba baada ya Jumatatu ni Jumatatu. Siku kumi na nne baada yake ni Jumatatu tena. Basi kila juma zima laweza kuachwa katika hesabu, kwa maana halibadili jina la siku. Zinazobadili jina ni zile siku chache zinazosalia, zisizotosha kufanya juma zima.

Sasa tugawanye siku 100 kwa 7. Saba mara 14 ni 98, na baki ni 2. Maana yake, siku mia ni majuma 14 kamili na siku 2 zaidi. Yale majuma 14 yanaturudisha Jumatatu, na siku 2 zinatupeleka mbele mpaka Jumatano. Hilo ndilo jibu.

Kwa kuwa baki ni 2 daima, siku yo yote tukianza nayo, jibu ni kuruka mbele siku mbili. Siku mbili tangu leo huitwa kesho kutwa. Basi, siku itakayokuja baada ya siku mia ina jina lile lile la kesho kutwa.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inatusaidia katika hesabu hii, kwa sababu majina mengi ya siku yana namba ndani yake. Jumamosi ni 1, kwa kuwa mosi ni moja. Jumapili ni 2, Jumatatu ni 3, Jumanne ni 4, na Jumatano ni 5. Alhamisi iwe 6, na Ijumaa iwe 7. Hapa yafaa kuangalia sana, maana jina la Alhamisi limetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya tano. Waarabu huanza kuhesabu siku zao Jumapili, na kwao Alhamisi ni siku ya tano. Waswahili huanza Jumamosi, na kwao ni siku ya sita. Mwanafunzi akisahau jambo hili atakuwa na siku mbili za tano, na hesabu yake itaharibika.

Namba hizo zikiisha kujulikana, kazi ni kujumlisha tu. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, siku ya Jumamosi. Je, siku mia baadaye ilikuwa siku gani? Jumamosi ni 1. Ongeza baki 2, utapata 3, yaani Jumatatu. Tuhakikishe kwa kalenda. Kutoka tarehe 9 mpaka mwisho wa Desemba ni siku 22. Ongeza siku 31 za Januari, zitakuwa 53. Ongeza 28 za Februari, zitakuwa 81. Zimebaki 19 kutimiza mia, basi tunafika tarehe 19 Machi 1962. Nayo ilikuwa Jumatatu.

Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, siku ya Alhamisi. Alhamisi ni 6. Ongeza 2, utapata 8. Lakini hakuna siku ya nane katika juma. Namba ikipita 7, ondoa 7: nane kutoa saba ni 1, nayo ni Jumamosi. Kwa kalenda, siku ya kutimia mia ilikuwa tarehe 21 Machi 1964, na kweli ilikuwa Jumamosi. Tazama kwamba mwaka 1964 Februari ilikuwa na siku 29, wala jambo hilo halikugusa jina la siku. Baki hutupa jina la siku peke yake. Atakaye kujua tarehe, hana budi kuhesabu urefu wa miezi.

Kosa linalowapata wengi katika hesabu hii si la kugawanya, bali ni la mahali pa kuanzia. Tuseme fundi seremala amechukua mbao kwa mkopo siku ya Jumatatu, akaahidi kulipa baada ya siku mia, na kwamba akichelewa ataongeza shilingi 5. Akaja na fedha Jumatano. Mwenye mbao akasema, "Umechelewa, bwana, mia ilitimia jana. Niongezee shilingi zangu tano." Fundi akakataa, wakapelekana kwa mzee wa mtaa.

Mzee akamwuliza mwenye mbao, "Siku ya kwanza uliihesabu ipi?" Akajibu, "Ile Jumatatu aliyochukua mbao." Mzee akasema, "Na mtu akikuahidi Jumatatu kwamba atakuja baada ya siku moja, utamngojea lini?" Akajibu, "Jumanne." Mzee akasema, "Basi siku ya kwanza ni Jumanne, wala si Jumatatu. Wewe ulipoihesabu Jumatatu, ulimpa mwenzako siku 99 tu."

Na ndivyo ilivyokuwa. Siku 99 ni majuma 14 na baki 1, na baki 1 baada ya Jumatatu ni Jumanne. Mwenye mbao hakukosa kugawanya, alikosa kuanza. Lakini kama wangalipatana kwamba ile Jumatatu yenyewe ndiyo siku ya kwanza, na malipo yawe siku ya mia, basi angalikuwa na haki, na hesabu ingalikuwa ya kugawanya 99.

Mwenye shaka aweza kujipima kwa hesabu ndogo kabla ya ile kubwa. Ahesabu siku saba tangu Jumatatu. Akifika Jumatatu nyingine, ameanza vema. Akifika Jumapili, ajue kwamba ameitia siku ya kuanzia katika hesabu.

MASWALI

1. Leo ni Ijumaa. Baada ya siku 100 itakuwa siku gani?

2. Leo ni Jumapili. Baada ya siku 40 itakuwa siku gani?

3. Gawanya 1,000 kwa 7. Baki ni ngapi? Kwa nini jina la siku itakayokuja baada ya siku elfu ni sawa na jina la siku ya jana?

4. Mtu amepewa dawa ya siku 30, na siku ya kwanza ya kunywa ni leo, Jumanne. Siku ya mwisho ya kunywa dawa ni ipi? Utagawanya 30 au 29? Eleza sababu.