Ua la waya na shanga: sokota mara mbili, basi

Maharagi yakishapaliliwa mara ya pili, pale Kibabi mvua inatuweka ndani mchana mzima. Mwaka uliopita mama fulani wa kikundi walitumia muda huo kutengeneza maua 30 ya nywele kwa ajili ya ndoa. Siku ya ndoa, karibu nusu yalikuwa yamekatika shingoni. Waliyaleta kwetu kwenye kikapu, wakidhani shanga ndizo mbaya. Tulipoyafungua tuliona waya imesokotwa mara tano, mara sita. Shanga hazikuwa na kosa.

Waya ya chuma au ya shaba nyekundu, kila unapoipinda inakuwa ngumu zaidi, na mwisho inavunjika. Ni kama unavyokata waya bila pense: unaipinda huku na huku mpaka inaachana. Kusokota kupita kiasi ni kazi ile ile. Kwa hiyo somo la leo liko juu ya kitu kimoja tu, kusokota.

Tafuta waya nyembamba, ya unene wa milimetre 0,3 hadi 0,4. Ile ya shaba inayotoka ndani ya moteri iliyoungua inafaa sana. Rangi yake ya juu uiache, inazuia ngozi kugeuka kijani. Hapana kuichoma, moshi wake ni mbaya. Waya nyeusi ya kufungia vyuma vya nyumba haifai: ni nene, na mvua yetu ya Masisi inaitia kutu upesi.

Kata sentimetre 50. Inyooshe kwa kuipitisha polepole katikati ya kitambaa. Ikijifunga fundo dogo, fungua kwa vidole, usivute, maana palipovutwa ndipo itakatika kesho.

Ingiza shanga 65 za milimetre 3, halafu kunja ncha moja zisitoke. Ncha ya pili acha sentimetre 8 bila shanga. Sogeza shanga 13 mpaka hapo, na zile nyingine zisukume mbali. Pinda zile 13 kuwa duara, waya zikutane chini yake. Kabla ya kusokota, bana ili shanga zigusane zote. Ukiona waya inang'aa katikati ya shanga mbili, rudia sasa, kwa sababu baadaye haitarekebika.

Sasa shika duara lenyewe kwa mkono mmoja, na zile waya mbili kwa mkono mwingine. Zungusha duara, siyo waya. Mara mbili kamili, basi. Ukiangalia vizuri, mizunguko inalala kama kamba. Ikianza kupandiana, umeshapita. Ukizungusha mara moja tu, duara litafunguka lenyewe.

Kando yake kabisa, bila kuacha nafasi, sogeza shanga 13 nyingine, fanya vile vile, na uzungushe upande ule ule. Endelea mpaka majani matano ya ua. Kisha chukua ncha moja, ipandishe katikati ya ua, pitisha punje moja, ishushe upande wa pili na uikaze. Ncha zote mbili zisokote pamoja sentimetre 3 kuwa shina. Mwisho wake upinde ndani, usichome kichwa cha mtu.

Ile punje ya katikati haina lazima kununuliwa. Kandokando ya mifereji na mahali pa maji kuna majani marefu ya jamaa ya mahindi, yanayozaa punje ngumu za kijivu, zenye kung'aa. Wengine wanaziita machozi ya Ayubu. Zina tundu lao la asili: vuta uzi wa ndani kwa sindano, waya inapita. Chuma zikishakuwa ngumu na kijivu. Za kijani zikikauka zinajikunja. Chagua zilizo ndogo, kubwa zinafunika majani ya ua.

Angalieni lakini: zile punje nyekundu zenye doa jeusi, nzuri sana kwa macho, ni sumu kali. Kuzitoboa kunavunja ganda linalofungia sumu, na mtoto akitafuna moja iliyovunjika anaweza kufa. Hatuzitumii hata kidogo.

Kikundi kile kimeomba kurudia maua yote 30. Hesabu yake ni hii: shanga 65 mara 30 ni 1.950, na waya mita 15. Ongezeni mita 2 za kujifunzia, maana ua la kwanza la kila mtu linaharibika, hata letu liliharibika. Mwenye mkono mpya anachukua saa moja kwa ua moja. Kijana wa miaka 13 mwenye uvumilivu anaweza. Kabla ya kumpa bibi harusi, shika shina na utikise: jani likicheza, lifungue na ulifanye upya kwa waya mpya, siyo kwa kuongeza mzunguko wa tatu.