Ubongo wa kulia, ubongo wa kushoto

Swali: Binti yangu anapenda kuchora, hesabu hataki. Mwalimu anasema anatumia ubongo wa kulia. Ni kweli?

Jibu: Si kweli. Dhana hiyo ilitokana na majaribio ya Roger Sperry na Michael Gazzaniga kwa wagonjwa wa kifafa waliokatwa daraja la neva linalounganisha nusu mbili za ubongo. Picha ya kijiko ilipomulikwa upande wa kushoto, iliishia nusu ya kulia. Mgonjwa alisema hajaona kitu, kwa kuwa usemi kwa wengi uko kushoto. Ila mkono wake wa kushoto, ukipapasa, ulikichagua kijiko! Daraja la binti yako ni zima, kwa hiyo nusu zake mbili zinawasiliana. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza picha za ubongo za watu 1,011, wasione dalili ya watu kuegemea nusu moja. Hesabu aendelee kufundishwa.