SOMO LA HESABU ZA KIKUNDI: Dona Imebeba Mzigo wa Unga wa Lishe



Leo tunajifunza jinsi ya kugawa gharama za pamoja. Tuanze na jambo ulijualo.

Wakulima wawili wa Bariadi wamekodi trekta pamoja. Kila mmoja ana eka 3. Mmoja shamba lake ni la luseni, udongo wa kichanga. Wa pili analima mbugani, kwenye udongo mweusi mzito. Dizeli iliyotumika wakaigawa sawa kwa kila eka. Je, ni haki? Mbugani trekta lilikwenda polepole na kunywa dizeli nyingi. Basi mwenye luseni amemlipia mwenzake bila kujua.

Jambo hilo hilo hutokea ndani ya vikundi vyetu vya biashara.

Gharama za aina mbili

Tuchukue mfano wa kikundi cha akina mama cha Bariadi mjini. Hesabu zake tumezitunga kwa ajili ya somo hili. Kikundi kinauza unga wa dona na unga wa lishe wa kupikia uji. Kwa mwezi kinauza kilo 2,700 za dona na kilo 300 za lishe.

Gharama nyingine zinaonekana wazi ni za unga upi. Mahindi na mifuko ya dona ni shilingi 900 kwa kilo. Lishe ina soya, karanga, mtama, mkaa wa kukaangia na pakiti. Hivyo ni shilingi 2,000 kwa kilo.

Gharama za pili ni za pamoja. Kwa mwezi ziko hivi:

- Mashine (umeme, mkanda, chekeche, grisi): shilingi 240,000
- Kijana wa kazi: shilingi 180,000
- Pango la nyumba na mlinzi: shilingi 180,000
- Jumla: shilingi 600,000

Mweka hazina alichukua shilingi 600,000 akagawa kwa kilo zote 3,000. Akapata shilingi 200. Kila kilo, iwe ya dona au ya lishe, ikabeba shilingi 200. Hiki ndicho tunachokiita kiwango kimoja kwa bidhaa zote.

Kwa hesabu hiyo, kilo ya dona inagharimu 1,100, na wao wanaiuza 1,200. Faida ni 100. Kilo ya lishe inagharimu 2,200, wanaiuza 2,500. Faida ni 300.

Mwenyekiti akasema, "Jamani, lishe inalipa mara tatu ya dona. Tena dona wateja wanatukimbia, jirani anauza 1,150. Tupunguze dona, tuongeze lishe."

Je, amesema kweli? Hebu tuingie ndani ya nyumba ya mashine tuone kazi inavyokwenda.

Nani anatumia nini?

Dona ni kazi nyepesi. Mahindi yanapepetwa, yanasagwa, yanatiwa mfukoni. Kwa saa moja mashine inasaga kilo 150. Kwa hiyo dona yote ya mwezi ni saa 18.

Lishe ina kazi nyingi. Nafaka zinachaguliwa, zinaoshwa, zinaanikwa, zinakaangwa. Mashine inasafishwa kwanza, kisha unga unapitishwa mara mbili ili uwe laini. Kwa saa moja zinatoka kilo 50 tu. Lishe yote ya mwezi ni saa 6.

Mashine basi imefanya kazi saa 24. Gawa 240,000 kwa 24, utapata shilingi 10,000 kwa saa. Dona inabeba 180,000, lishe 60,000.

Sasa kijana wa kazi. Waliandika saa zake kwenye daftari kwa mwezi mzima. Saa 72 zilikwenda kwenye dona, saa 108 kwenye lishe. Kila saa ni shilingi 1,000. Kumbe ule unga mchache ndio unaomchosha!

Imebaki pango na mlinzi. Hapa walipima nafasi ndani ya nyumba. Dona inachukua sehemu 7 kati ya 10, lishe inachukua 3. Dona ikabeba 126,000, lishe 54,000.

Jumlisha:

- Dona: 180,000 + 72,000 + 126,000 = 378,000. Gawa kwa kilo 2,700: shilingi 140 kwa kilo.
- Lishe: 60,000 + 108,000 + 54,000 = 222,000. Gawa kwa kilo 300: shilingi 740 kwa kilo.

Basi kilo ya dona inagharimu 1,040, siyo 1,100. Faida yake ni 160. Kilo ya lishe inagharimu 2,740, nao wanaiuza 2,500. Kila kilo wanapoteza shilingi 240.

Kwa nini hawakugundua?

Kwa sababu sanduku la fedha halikuonyesha kosa. Kwa njia ya kwanza faida ya mwezi ni shilingi 360,000. Kwa njia ya pili ni 360,000 vile vile. Jumla haidanganyi, kinachodanganya ni mgawo.

Lakini tazama wakifuata shauri la mwenyekiti. Dona inashuka hadi kilo 1,800, lishe inapanda hadi kilo 600. Kwa hesabu ya shilingi 200 wanategemea faida ile ile ya 360,000, na kazi ya kusaga kilo chache zaidi. Kumbe saa za mashine zinabaki 24, kwa hiyo umeme haupungui. Pango na mlinzi ni vile vile. Kijana mmoja hatoshi tena, maana sasa kazi ni saa 264. Inabidi kumlipa kibarua mwingine shilingi 84,000. Mwisho wa mwezi sandukuni kuna faida ya 156,000 tu. Watu wataanza kumshuku mweka hazina, kumbe hakuna aliyeiba.

Dalili za kosa hili

Bidhaa yenu ya kuuza kwa wingi inashindwa bei na jirani, ingawa mashine zenu ni sawa. Bidhaa ndogo yenye kazi nyingi inagombewa, wala hakuna mwingine anayeweza kuiuza kwa bei yenu. Mkiona mambo haya mawili pamoja, fungueni daftari.

Wafanye nini?

Wasiache lishe mara moja. Wakiiacha, pango na mlinzi watalipwa vile vile, na dona itaubeba mzigo wote. Kwanza wajaribu kupandisha bei ya lishe. Pili, wasage lishe yote siku moja kwa wiki, ili mashine isafishwe mara chache. Dona nayo wanaweza kuishusha hadi 1,150, na bado wapate faida ya 110 kwa kilo.

Tena, msigawe kila kitu. Sabuni ya kunawia ya shilingi elfu mbili haistahili kuandikiwa saa. Pimeni gharama kubwa mbili au tatu tu. Na mgawo wa mlinzi ni makadirio, kwa sababu yeye analinda nyumba nzima. Kubalianeni kipimo kimoja, mkiandike, msikibadili kila mwezi.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini saa za mashine ni kipimo kizuri cha kugawa umeme kuliko kilo?
2. Lishe ikiuzwa shilingi 2,900 kwa kilo, na kilo zikabaki 300, faida au hasara ya kila kilo ni kiasi gani?
3. Katika kikundi chenu, ni bidhaa ipi inayomchukua kijana wa kazi muda mrefu? Andikeni saa zake kwa wiki moja, kisha mlinganishe na mlivyodhani.