Nembo ni ya nani kabla deni halijaisha?

Swali: Mimi ni mbunifu wa michoro wa kujitegemea, Nairobi. Mteja anatumia nembo niliyomchorea ilhali hajamaliza kulipa. Naweza kumzuia?

Jibu: Bila mkataba ni vigumu. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huchukulia kwamba hakimiliki ya kazi iliyoagizwa imehamia kwa aliyeagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Deni unaweza kulidai. Nembo kwa kawaida ni yake. Ndiyo maana kipengele cha umiliki kinapaswa kufungamanishwa na malipo: “Hakimiliki itahamia kwa mteja atakapolipa salio lote.” Kwa kazi ya shilingi 60,000, chukua 24,000 kabla ya kuanza, 18,000 rasimu ikikubaliwa, na 18,000 kabla ya kukabidhi faili halisi.

Mteja atalalamika kuwa unamshika mateka. Hofu yake ina msingi, kwa hiyo mpe tarehe ya kukabidhi na haki ya kurudishiwa sehemu ya fedha ukichelewa. Lakini hata awamu hizo hukwama marekebisho yasipokuwa na kikomo, kwani “rasimu ikikubaliwa” haifiki kamwe. Andika: raundi 2, maoni yote kwa maandishi mara moja, kimya cha siku 7 ni kukubali. Wazo jipya kabisa si marekebisho. Lina bei yake.