Simu Ikipoteza IMEI Baada ya Kuflashiwa

Simu iliyotoka kuflashiwa huweza kuganda kwenye chaji ya asilimia 100 kwa saa kadhaa, kisha ikazimika ghafla ikisoma 40. Papo hapo mtandao umetoweka, na ukipiga *#06# yanatokea maneno "Invalid IMEI". Wenye simu wengi hukimbilia kununua betri. Ni haraka isiyo na sababu: kama hitilafu zilianza saa ileile ya kuflashi, cha kushukiwa kwanza ni programu. Simu haipimi asilimia moja kwa moja. Hupima volti na mkondo wa umeme, kisha hukadiria chaji kwa jedwali lililotengenezwa kwa betri ya aina hiyo. Simu mbili za jina moja zinaweza kuwa na bodi na betri tofauti, kwa hiyo programu ya toleo jingine huleta jedwali lisilolingana. Dawa yake ni programu ya toleo sahihi. Bila shaka betri iliyovimba ni mbovu, hata simu iwe na programu gani.

IMEI ni jambo jingine. Katika simu zenye chipu ya MediaTek, namba hiyo hukaa kwenye sehemu ya kumbukumbu iitwayo NVRAM, pamoja na vipimo vya redio vilivyowekwa kiwandani kwa simu hiyo moja. Fundi akichagua "Format All + Download" badala ya "Download Only", sehemu hiyo inafutika. Dalili yake ni rahisi kuitambua: kwenye orodha ya Wi-Fi hutokea jina "NVRAM WARNING: Err = 0x10".

Wapo watakaosema kwamba fundi anaweza kuandika IMEI yoyote na simu ikashika mtandao. Kweli, namba ikifuata kanuni tu, simu huikubali. IMEI ina tarakimu 15, na ya mwisho huhakiki zile 14. Chukua 49015420323751: zidisha kwa mbili kila tarakimu ya pili, jumlisha tarakimu zote za majibu pamoja na zile zilizobaki, utapata 52. Ili kufikia 60 panahitajika 8, kwa hiyo namba kamili ni 490154203237518. Lakini hesabu hiyo huthibitisha tu kwamba namba haikukosewa kuandikwa; haisemi ni ya simu ipi. Nchini Tanzania, ambako simu bandia zilifungiwa Juni 2016, kubadili IMEI ni kosa kisheria. Isitoshe, namba hairudishi vipimo vya redio, ndiyo maana simu "iliyotengenezwa" hivyo mara nyingi hubaki na mtandao dhaifu.

Kinachorudisha vyote ni nakala ya NVRAM ya simu hiyohiyo, iliyohifadhiwa kabla ya kuflashi. Ikikosekana, irudishwe namba iliyo kwenye boksi au chini ya betri, na mteja aelezwe mapema kwamba mtandao huenda usiwe kama zamani. Nakala ya simu ya jirani haifai: itakuja na IMEI ya jirani.